Kazi ya kuchuma stroberi Uingereza: mpwa wangu kaambiwa alipe milioni 4.8, hii ni kweli au tunapigwa?

#1 Kijana wa Igoma
Wakuu habari. Mpwa wangu yupo hapa Mwanza, kamaliza chuo cha kilimo mwaka juzi, hana kazi. Kapata ajenti wa kumpeleka Uingereza kuchuma stroberi. Barua ya kazi tumeletewa, ina nembo na muhuri, inasema:

Mshahara paundi 2,800 kwa mwezi, nyumba bure, chakula bure. Mkataba miaka 2. Kuanza kazi tarehe 10 Novemba. Mwajiri ni shamba lenyewe, na limeandikwa kuwa ndilo mdhamini wa viza.

Malipo anayotaka ajenti: milioni 1.5 ya "fomu ya CoS", milioni 2.2 ya viza, laki 6 ya kipimo cha TB, laki 5 ya kushika nafasi. Jumla milioni 4.8. Dada anataka kuuza kiwanja cha Buswelu. Nimemwambia asubiri nije kuuliza kwanza. Wenye uzoefu naomba msaada, matusi pelekeni kwingine.

#2 Tajiri Mtarajiwa
Stroberi Novemba? Huko Novemba hata mbwa hatoki nje. Anaenda kuchuma barafu.

#3 Shoka la Bei Nafuu
Kiwanja cha Buswelu kinauzwa bei gani mkuu? Nipo siriasi.

#4 Kijana wa Igoma
#3 Toka hapa.

#5 Nyundo ya Ukweli
Hakuna cha kuchunguza. Kazi zote za nje zinazotangazwa Bongo ni utapeli. Wazungu wana watu wao. Funga uzi.

#6 Mzee Karafuu
#5 Unakosea, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanawapa nguvu matapeli, maana mtu akishajua kuna mmoja aliyekwenda kweli anaacha kusikiliza tahadhari zote.

Mpango upo. Uingereza ina viza ya kazi za msimu, kwenye tovuti ya serikali utaikuta kwa jina la Seasonal Worker. Kwa mwaka 2025 nafasi zilizotengwa ni 43,000 za mboga, matunda na maua, na 2,000 za viwanda vya kuku. Nimefanya kazi miaka kadhaa ofisi ya mishahara ya shamba moja huko Lincolnshire, nimewaona wachumaji wa mataifa mengi. Waafrika wachache, ila wapo.

Sasa barua ya mpwa wako. Sina haja ya kuuona muhuri. Makosa ni haya.

Viza hii mwisho wake miezi 6, baada ya hapo unarudi nyumbani. Haiongezwi, haigeuzwi kuwa viza nyingine ukiwa kule kule. Mkataba wa miaka 2 kwa viza hii haupo.

La pili ndilo kubwa zaidi, na wengi hawalijui. Shamba halimdhamini mchumaji. Mdhamini ni kampuni ya kati iliyoidhinishwa na serikali, na zinahesabika kwa vidole. Kampuni hiyo ndiyo inatoa namba ya CoS, yaani cheti cha udhamini, ndiyo inakupeleka shamba fulani, na ndiyo unaiomba ukitaka kuhamishwa shamba. Barua inayosema shamba lenyewe ni mdhamini wa viza ya msimu imejitia kitanzi.

Tatu, hizo pesa. Ada ya viza hii kwa mwaka 2025 ni paundi 319. Tuseme paundi ni shilingi 3,300, hiyo ni milioni moja na kidogo, siyo 2.2. Na unailipa wewe mwenyewe mtandaoni kwa kadi, moja kwa moja serikalini. Kipimo cha TB kinatakiwa kwa anayekaa zaidi ya miezi 6, kwa hiyo mchumaji wa msimu hahusiki. Na CoS si fomu ya kununua. Ni namba tu kwenye mfumo wa kompyuta. Sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi, iwe anaiita fomu, usajili au chai.

#7 Bibi wa Parachichi
Mzee Karafuu umemaliza. Mimi naongeza moja. Shemeji yangu yuko Florida kwenye machungwa, nyumba analala bure, hakatwi hata senti. Kwa hiyo hapo kwenye nyumba bure barua iko sahihi, sheria ya huko inataka nyumba iwe bure. Ukiona shamba linakata nyumba ndiyo ujue ni wezi.

#8 Mzee Karafuu
#7 Bibi, shemeji yako yuko Marekani, kwa viza ya H-2A. Huko ni kweli mwajiri anatakiwa atoe nyumba bila malipo. Uingereza ni nchi nyingine na sheria nyingine, wanakata, na ni halali ilimradi wasizidishe kiwango. Ndiyo maana barua ya Uingereza inayosema nyumba bure na chakula bure inanitia shaka zaidi. Aliyeiandika hajui nchi anayoiuza.

#9 Mama Njoro
Nimesoma nikacheka halafu nikakumbuka machozi yangu. Mimi ni Mkenya, nilienda msimu wa 2024, Herefordshire, stroberi halafu rasiberi. Nilipitia kwa kampuni iliyoidhinishwa, sikulipa mtu yeyote hapa nyumbani, nililipa viza na tiketi pekee. Kwa hivyo Nyundo ya Ukweli, mimi si mzuka.

Lakini msije mkadhani ukishapita matapeli uko mbinguni. Shida yangu mimi ilikuwa karavani.

#10 Tajiri Mtarajiwa
Karavani ndiyo nini, ile nyumba ya magurudumu?

#11 Mama Njoro
#10 Ndiyo hiyo. Tulikuwa watu sita kwa moja. Vyumba vitatu, kila chumba watu wawili, jiko moja, choo kimoja. Mwaka huo kiwango cha nyumba kilikuwa paundi 9.99 kwa siku, yaani 69.93 kwa wiki. Kila mtu. Zidisha kwa sita uone shamba linapata nini kwa karavani moja: paundi 419.58 kwa wiki! Nilimuuliza supavaiza, kwani hii ni hoteli ya Diani? Akasema ndivyo sheria inavyoruhusu.

#12 Kijana wa Igoma
Hapa ndipo sielewi. Kama sheria inaruhusu, inaruhusu kukata kiasi gani? Na mtu anajuaje kama amepitishwa?

#13 Mzee Karafuu
Ngoja nilieleze taratibu, maana hata maofisini watu wanalikosea.

Sheria haisemi "kodi ya nyumba isizidi kiasi hiki". Inasema mshahara wako usishuke chini ya kima cha chini cha saa. Makato mengi ya mwajiri yakikushusha chini ya hapo, amevunja sheria. Nyumba ndiyo imepewa upendeleo: mwajiri anaruhusiwa kuhesabu kiasi fulani kwa siku bila kuonekana amekushusha. Kiasi hicho kuanzia Aprili 2025 ni paundi 10.66 kwa siku, kwa wiki 74.62. Akitoza zaidi, ile ziada inatolewa kwenye mshahara wako kwanza, ndipo unaulizwa: bado umefika kima cha chini?

Na kwa kuwa wachumaji karibu wote wanalipwa kima cha chini chenyewe, bila kupanda hata peni, kwao ile 10.66 inageuka kuwa ukomo. Mwenye kulipwa paundi 16 kwa saa anaweza kutozwa zaidi na isiwe kosa.

Tufanye hesabu ya wiki moja ya 2025. Kima cha chini 12.21 kwa saa. Umefanya saa 42: paundi 512.82. Kodi ya mapato inaanza juu ya 242 kwa wiki, asilimia 20, hapo ni 54.16. Kisha michango ya bima ya taifa, mfano wa NSSF yetu, asilimia 8 juu ya hiyo hiyo 242, ni 21.67. Zinabaki 436.99. Toa nyumba 74.62, mkononi 362.37. Hapo hujala.

Wiki mbaya ya saa 32 unapata 390.72, na baada ya kodi, bima na nyumba unabaki na 274 na senti.

#14 Nyundo ya Ukweli
Saa 32 ni kwa sababu sheria yao inakataza mgeni kufanya zaidi ya saa 32. Kwa hiyo hiyo hesabu ya 42 ni ya kufurahisha kijiwe.

#15 Mama Njoro
#14 Wewe unachanganya. Saa 32 ni sakafu, si dari. Walileta hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wanafika shambani, mvua inanyesha wiki nzima, unalipwa saa kumi na tano na nyumba inakatwa ile ile. Sasa lazima wakulipe angalau saa 32 kwa wiki. Mimi Julai nilifanya saa 50 na zaidi.

Na Mzee Karafuu, nakuuliza kitu. Nina slipu yangu ya wiki moja. Saa 38 kwa 11.44, jumla 434.72. Nyumba 69.93. Halafu mstari mwingine: gesi, paundi 8. Je, hiyo gesi ni halali?

#16 Mzee Karafuu
Hapo umenipa mfano mzuri kuliko wa kwangu. Kama gesi ya karavani ni sharti la kukaa pale, inahesabiwa pamoja na nyumba. Kwa hiyo umetozwa 77.93 badala ya 69.93, ziada ni 8. Toa 8 kwenye 434.72, inabaki 426.72. Gawa kwa saa 38: paundi 11.23. Kima cha chini cha mwaka ule ni 11.44. Ulipunjwa senti 21 kila saa.

#17 Mama Njoro
Wacha! Na walinikata wiki ishirini na mbili.

#18 Dereva wa Dover
Mimi siko upande wa shamba ila nataka haki. Huku kwetu Kent mashamba mengine gesi ni ya mtungi, unanunua ofisini ukitaka, usipotaka unanunua dukani au hununui kabisa. Hiyo ni hiari, na ya hiari haiingii kwenye hesabu ya nyumba. Kwa hiyo inategemea alitia saini nini.

#19 Mama Njoro
#18 Hiari gani? Duka lilikuwa kilomita 9 na mtungi hupandi nao baiskeli. Bila gesi huli ugali na huogi maji ya moto.

#20 Dereva wa Dover
#19 Nakuelewa dada, lakini kwenye karatasi "ningeweza kununua kwingine" na "nilikatwa kabla sijaulizwa" ni vitu viwili. Kama ilikatwa kwa wote sita kila wiki bila mtu kuagiza, una kesi. Kama mliagiza, sijui.

#21 Mzee Karafuu
#20 Hapo nakupa nusu. Kiasi kilichokuwa sawa kila wiki kwa kila mtu hakifanani na manunuzi ya hiari. Ila bila kuona mkataba wa nyumba sitaapa.

#22 Msaka Riziki Doha
Wakuu nipo Doha kiwanda cha vinywaji. Huku kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, na mwajiri asipokupa nyumba anaongeza 500, asipokupa chakula anaongeza 300. Sasa kampuni yangu inatoa nyumba lakini inanikata 200 ya umeme. Hiyo 10.66 naidai vipi?

#23 Mzee Karafuu
#22 Ndugu, 10.66 ni ya Uingereza. Huko kwenu mfumo umegeuzwa: nyumba ni wajibu wa mwajiri au alipe 500. Hiyo 200 ulizia Wizara ya Kazi ya huko, na usiende bila mkataba wako na slipu.

#24 Msaka Riziki Doha
Ahsante. Slipu hatupewi, tunaona ujumbe wa benki tu.

#25 Koneksheni Kanada
Achaneni na Uingereza, hela ndogo. Nina mpango wa mashamba Kanada, unaitwa SAWP, wa serikali kabisa, upo tangu 1966. Miezi 8 kwa mwaka. Njooni inbox, nafasi 12 zimebaki.

#26 Mzee Karafuu
#25 Umesema kweli mpaka kwenye mwaka 1966. Ulianza na Wajamaika. Mpaka leo SAWP ni ya raia wa Meksiko na visiwa vya Karibi, kwa mikataba ya serikali na serikali. Labda mwenye pasipoti ya Jamaika aje inbox kwako.

Kanada kuna mlango mwingine wa kilimo ulio wazi kwa nchi yoyote, na huko nyumba haikatwi zaidi ya dola 30 za Kanada kwa wiki, na nauli ya kwenda na kurudi ni ya mwajiri. Ukiombwa nauli, au nyumba zaidi ya hapo, kwa mpango huo ujue limetokea tatizo. Na kabla mtu hajaleta Australia na Nyuzilandi: mipango yao ya wachumaji, PALM na RSE, hasa ni ya visiwa vya Pasifiki, na Australia inaongeza Timor ya Mashariki. Mtanzania hayumo.

#27 Tajiri Mtarajiwa
Koneksheni Kanada kapotea kama umeme wa jioni.

#28 Kijana wa Igoma
Naomba turudi. Nimeelewa barua ni mbovu. Ila ajenti anasema ana leseni Dar na shamba lipo, nimelitafuta kwenye ramani nikaliona kabisa, lina picha, lina namba ya simu. Nahakikishaje?

#29 Dereva wa Dover
Shamba kuwepo si hoja. Tapeli hachagui shamba la kubuni siku hizi, anachukua la kweli ili ukitafuta ulikute.

Fanya hivi. Serikali ya Uingereza inachapisha orodha ya wadhamini wote wenye leseni, ni faili kubwa sana, unalipakua bure gov.uk. Andika jina la shamba. Wengi wanaishia hapo, wakiliona jina wanapiga vigelegele. Usiishie hapo. Kuna safu ya mwisho inaitwa `Route`. Shamba kubwa linaweza kuwemo kwa ajili ya meneja au fundi, hapo imeandikwa `Skilled Worker`. Wewe unatafuta `Seasonal Worker`, na ukichuja kwa neno hilo utabaki na majina machache tu. Yakiwa hayo hayo ndiyo yanayoweza kumleta mpwa wako, basi uliza moja: lipi kati ya haya limekupa barua?

Kisha kuna daftari la pili, la GLAA, mamlaka inayotoa leseni kwa wanaopeleka vibarua mashambani na viwanda vya chakula. Nalo linatafutika kwa jina, bure.

#30 Mama Njoro
Na mkishapata jina, anwani ya barua pepe mchukue kwa tovuti ya hiyo kampuni, si kwa barua mliyoletewa. Rafiki yangu Eldoret alipewa barua yenye jina la kampuni ya kweli kabisa, akaandika kwa anwani iliyokuwa chini ya barua, akajibiwa "ndiyo wewe ni wetu". Alikuwa anaongea na mwizi yule yule.

Leseni ya ajenti wa hapa nayo mtafute. Kenya tunaangalia NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, kwa neaims.go.ke. Nyinyi Tanzania sijui mnaangalia wapi.

#31 Afisa Mstaafu wa Kahama
#30 Kwetu ni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na wizara inayoshughulika na kazi. Lakini niseme kama mtu aliyekaa upande ule wa dirisha: leseni inaonyesha ofisi imesajiliwa. Haionyeshi kwamba hii kazi mahususi ipo. Nimeona mwenye leseni halali akiuza nafasi hewa, na nimeona asiye na leseni akipeleka watu kweli. Kwa hiyo leseni ni swali la kwanza tu.

#32 Nyundo ya Ukweli
#31 Mzee unatuchanganya sasa. Kwa hiyo wa kumwamini nani?

#33 Afisa Mstaafu wa Kahama
#32 Unaiuliza kampuni ya Uingereza kwa maandishi: je, fulani wa Dar ni mshirika wenu? Wanajibu. Wakikaa kimya wiki tatu nalo ni jibu.

#34 Bibi wa Parachichi
Mimi bado nina swali. Kama mpango upo na ni bure, mbona hawachukui Watanzania wengi? Karafuu kasema Waafrika wachache.

#35 Dereva wa Dover
Kwa sababu kampuni zinakwenda zilikozoea. Zamani ilikuwa Ukraine, vita ikaharibu, wakahamia Kirigizia, Tajikistani, Uzbekistani, Kazakistani. Wana ofisi huko, wana watu wanaorudi kila msimu. Mchumaji aliyerudi mara ya tatu anajaza kreti mbili wakati mgeni anajaza moja.

#36 Nyundo ya Ukweli
Ni rangi. Tuseme ukweli.

#37 Afisa Mstaafu wa Kahama
Mimi nadhani ni hofu ya watu kutorudi. Mdhamini ambaye watu wake wanatoroka anahatarisha leseni yake. Akiona nchi moja watu kadhaa wamezama, anaifunga nchi nzima.

#38 Mama Njoro
Watu wetu kadhaa walizama, sitaficha. Lakini wengine walizama kwa sababu walikopa kwa dalali, wakapelekwa shamba ambalo mazao yalikwisha mapema, wakaambiwa rudini baada ya wiki saba. Unarudi nyumbani na deni la nani? Mwaka 2022 Waindonesia walifika Kent na madeni mpaka paundi 5,000 waliyochukua kwa madalali wa kwao. Ilitangazwa magazetini kule.

#39 Mzee Karafuu
#36 #37 #38 Kila mmoja ameshika mguu mmoja wa tembo. Nauli nayo ipo: anayetoka Bishkek kule Kirigizia na anayetoka Mwanza, wote wanalipia viza ile ile, tiketi nani anaijua. Lakini Waindonesia na Wanepali wanatoka mbali kuliko sisi na wamechukuliwa, kwa hiyo nauli peke yake haielezi.

#40 Tajiri Mtarajiwa
Turudi kwenye hela. Karafuu, hiyo 362 kwa wiki mara wiki 26, ni kama paundi 9,400. Milioni 31! Hata nikilala na watu sita naenda.

#41 Mzee Karafuu
#40 Punguza mwendo. Wiki 26 hazijazi. Utafika katikati ya msimu, utapata wiki za saa 32, utakula, utanunua viatu vya shambani kama hukwenda navyo. Glovu na vifaa vya usalama hawaruhusiwi kukutoza. Na usipofikia kasi wanayotaka wanaweza kukuachisha. Malipo ya kwa kreti yapo, ila yakikuacha chini ya kima cha saa wanapaswa kujazia, na baada ya kujazia mara nyingi wanakuita ofisini.

Ila nikupe kimoja cha kufurahisha. Kodi ya mapato unayokatwa kila wiki mara nyingi inarudi. Kule mtu hatozwi kodi kwenye paundi 12,570 za kwanza za mwaka wa kodi. Mtu wa msimu akipata chini ya hapo, ile kodi yote aliyokatwa ni yake. Ukiondoka unachukua fomu ya P45 kwa mwajiri, unajaza P85 mtandaoni, unadai. Bima ya taifa hairudi.

#42 Mama Njoro
Mimi nilidai peke yangu, hela ikaja. Wenzangu walimpa mtu wa WhatsApp awadaie, akachukua theluthi.

#43 Shoka la Bei Nafuu
Mkuu #1 kiwanja bado kipo?

#44 Kijana wa Igoma
Wakuu nimerudi na habari. Nimepakua lile faili, simu ilikaribia kuzima. Shamba lipo kwenye orodha! Dada akaanza kushangilia. Nikaangalia safu ya mwisho kama alivyosema Dereva: `Skilled Worker`. Nikawaandikia shamba kwa anwani ya tovuti yao. Wamejibu siku mbili baadaye, wanasema hawaajiri wachumaji wenyewe, na barua ya namna hiyo wameletewa na watu wengi.

Nikampelekea ajenti skrinshoti. Akasema sasa "hiyo ni barua ya zamani, kijana anakwenda kwa Skilled Worker, ndiyo maana ni miaka 2". Hakurudisha laki 5 ambayo mpwa alikuwa ameshaitoa kimya kimya.

#45 Dereva wa Dover
Kabadilisha viza palepale ulipombana. Kuchuma matunda si kazi inayopewa viza ya `Skilled Worker`. Mwambie akupe namba ya CoS na jina la mdhamini, umwandikie mdhamini. Atakwambia namba inatoka ukimaliza malipo.

#46 Kijana wa Igoma
#45 Ndivyo alivyosema, maneno hayo hayo! Polisi tumefungua RB, wameomba meseji za muamala. Mpwa mwenyewe kanuna, anaona nimemharibia. Anasema kuna wenzake wawili kwenye kundi la WhatsApp wameshapata viza. Picha za viza katumiwa, hakuna aliyewaona watu wenyewe.

#47 Bibi wa Parachichi
Pole. Mpeleke kwangu Njombe, parachichi zinachumwa na hazihitaji viza.

#48 Tajiri Mtarajiwa
#47 Nyumba unakata shilingi ngapi kwa siku?

#49 Bibi wa Parachichi
#48 Wewe utalala na mbuzi, bure.

#50 Mhamiaji wa Ndoto
Naufufua uzi, nimeukuta kwa kutafuta. Kwa wanaokwenda msimu wa 2026: kuanzia Aprili kima cha chini kimepanda hadi 12.71 kwa saa na nyumba hadi 11.10 kwa siku, kwa hiyo slipu yenye 77.70 kwa wiki ni ya kawaida. GLAA nayo kazi zake zimehamia chombo kipya, Fair Work Agency. Nina swali langu: nimepata nafasi ya kiwanda cha kuku, ya kweli, mdhamini amenijibu. Viza hiyo ni kuanzia 2 Oktoba mpaka 31 Desemba tu. Kwa miezi mitatu isiyotimia, viza na tiketi nalipa mwenyewe. Kuna aliyekwenda kwa kuku akarudi na kitu?

#51 Mama Njoro
#50 Mimi sikwenda kwa kuku, lakini piga hesabu ya wiki kumi, si kumi na tatu. Uliza pia kama kiwandani wanalala karavani au wanapanga nyumba mjini, maana nyumba ya mjini yenye mwenyewe tofauti inaweza isifuate hiyo 11.10.

#52 Dereva wa Dover
#51 Inategemea kama mwenye nyumba ana uhusiano na mwajiri. #50 weka hapa walichokuandikia kuhusu nyumba, futa jina lako kwanza.

#53 Mhamiaji wa Ndoto
Wameandika "malazi yatapangwa mkifika". Hakuna bei.